Mavazi Tisa, Kibegi Kimoja

Bi Cherehani alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa umekunjwa mara nne ndani ya sidiria yake tangu Ijumaa. Ulikuwa unamkwaruza, lakini alivumilia. Mtu aliyengoja miezi minane kumshika mkwe wake hawezi kushindwa na karatasi inayokwaruza.

Jina hilo alipewa na wateja. Miaka thelathini na minane alikuwa fundi wa nguo za kike, mpaka magoti yalipogoma kukanyaga mashine akafunga duka na kuhamia kwa mwanawe. Mwanawe alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole kupita kiasi, wa aina ile ambayo ikiambiwa mvua inanyesha inaamini kabla ya kutazama dirishani. Mke wa mwalimu alikuwa wakala wa mauzo wa vifaa vya hospitali. Kila mwezi alipanda ndege ndogo akazunguka mikoani wiki nzima, hospitali hadi hospitali, akiwaonyesha madaktari mashine za kampuni yake. Hapo ndipo kidonda cha Bi Cherehani kilipokuwa. Si kazi yenyewe, maana yeye mwenyewe alifanya kazi maisha yake yote. Kilichomkaa kooni ni kibegi.

Kilikuwa kibegi cha mkononi, cheusi, kifupi kuliko mto wa kulalia. Mwanamke anaondoka Jumapili, anarudi Jumapili ya pili, siku saba za kukutana na wakubwa, na amebeba kitu ambacho Bi Cherehani angekijaza kwa vitenge viwili na kiatu. Mara ya kwanza alidhani mkwe amesahau sanduku. Mara ya pili aliuliza, akajibiwa kwamba sanduku kubwa ni la mashine za maonyesho, kampuni ndiyo inayolilipia, na yeye anaruhusiwa kilo saba tu za kuingia nazo ndani ya ndege. Jibu lilikuwa la kweli. Halikumtosha.

Kilichomaliza mambo ni picha. Kila alipokuwa safarini, mkwe alimtumia mumewe picha kabla ya kutoka hotelini, na mwalimu, kwa kujivuna, alimpelekea mama yake simu sebuleni: "Mwone mwenzangu leo, mama." Mama alimwona. Alimwona kwa jicho la fundi, na jicho la fundi halitazami sura. Jumatatu suti ya kijivu na bluu. Jumanne suti nyingine. Jumanne hiyohiyo jioni, nyingine. Ilipofika Jumamosi alikuwa amehesabu suti tisa, gauni refu la bluu la kuvaa kwenye karamu likiwemo. Suti tisa! Kwa Bi Cherehani suti ni kitambaa kimoja kilichokatwa mezani mara moja, juu na chini, ndugu wa tumbo moja. Suti tisa ni masanduku mawili, na ya kukalia juu ndipo yafunge.

"Mwanangu," alimwambia mwalimu, "mke wako ana kabati jingine."

"Kabati gani, mama?"

"Huko anakokwenda. Nguo haziwezi kujishona njiani. Zipo, zimetundikwa, na aliyezitundikia si wewe."

Mwalimu alicheka siku ile. Wiki iliyofuata hakucheka. Mama alikuwa akidondosha neno asubuhi kwenye chai na jingine usiku kwenye mboga, na maneno ya mama yana kazi yake. Mwalimu akaanza kupiga simu hotelini. Akaanza kuuliza ofisini kwa mkewe, kwa sauti ya utani isiyochekesha mtu, nani anasafiri na nani. Mkewe alijua. Wanawake wenzake wa ofisini walimweleza, wakamwonea huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko matusi. Nyumba ikaingia baridi. Watu watatu walipishana kwenye korido kama wapangaji waliogombea bomba.

Basi Jumapili hiyo, saa tatu asubuhi, mkwe alipokuwa chumbani akitafuta kitambulisho chake na kukikosa, mlango ulifunguliwa. Aliingia mumewe, na nyuma yake mama mkwe, ambaye hakuwahi kuingia chumba hicho tangu ahamie.

"Unatafuta hiki?" mwalimu aliuliza. Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa shati lake. Ncha yake ilichungulia.

Mkwe alinyoosha mkono. "Nipe. Gari la ofisi linanipitia saa tano."

"Nitakupa ukinieleza."

"Nikueleze nini?"

Bi Cherehani alipenyeza mkono kifuani akatoa karatasi. Mwalimu alikuwa amezichapisha picha zote tisa shuleni kwake, kwa mashine ya kuchapia mitihani, na bado zilikuwa na rangi nzuri tu. Bi Cherehani alizitandaza juu ya meza ya kioo.

"Tueleze hizi," alisema. "Hapa nguo tisa. Pale kibegi kimoja. Mimi sikusoma sana, lakini nguo nazijua."

Mkwe alizitazama picha. Kisha alimtazama mumewe, muda mrefu, na Bi Cherehani alifurahi kuona uso ule umebadilika. Alidhani ni hofu. Alikosea, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo.

"Hizi nilikutumia wewe," mkwe alimwambia mumewe.

"Nijibu tu, mke wangu. Bila kitambulisho hupandi ndege, na ukikosa ndege ya leo unajua wanampa nani njia yako."

"Najua." Alijua vizuri sana. Kulikuwa na mwenzake aliyeimezea mate njia ile mwaka mzima, na meneja alishasema kwamba anayekosa safari moja hana safari ya pili. "Kwa hiyo nikuonyeshe."

"Nionyeshe."

"Na mama akae. Magoti yasimuume akisubiri kunifumania."

Bi Cherehani alikaa kwenye stuli. Alitaka kujibu, akaona ni heri ale kilichoiva kwanza.

Mkwe alitandika shuka jeupe kitandani na kuanza kutoa nguo, moja moja, akizipanga kwa mistari miwili. Mstari wa chini: suruali ya bluu iliyokolea, suruali ya kijivu, sketi ndefu ya bluu iliyokolea. Mstari wa juu: blauzi ya rangi ya maziwa, shati la kijivu hafifu, blauzi ya bluu, fulana ya mikono mirefu ya maziwa yenye mistari ya bluu. Pembeni, koti moja la kijivu. Juu ya koti, skafu ya rangi ya machungwa.

"Ndizo hizo," alisema. "Safari iliyopita zilikuwa hizi, na iliyotangulia hizi."

"Nane na kitambaa cha shingo!" Bi Cherehani alipiga makofi mapajani. "Mwanangu, umesikia? Nane, na picha tisa, na kila picha ina juu na chini! Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

"Rangi ni ngapi hapo, mama?"

"Nini?"

"Mama ni fundi. Rangi ngapi?"

Bi Cherehani aliangalia kwa kinyongo. Bluu. Kijivu. Maziwa. "Tatu. Na hiyo ya machungwa."

"Ya machungwa ni kiungo tu, haihesabiki. Tatu. Sasa chagua ya juu yoyote, uiweke kwenye ya chini yoyote. Uniambie ipi inakataa."

Hilo Bi Cherehani hakulitegemea. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba achanganye nguo. Kwake, blauzi iliyotengwa na sketi yake ni yatima, unaionea aibu. Lakini mkono wa fundi una tabia zake, na kabla hajajizuia ulishachukua blauzi ya maziwa ukaiweka juu ya suruali ya bluu. Ikakaa. Juu ya ile ya kijivu. Ikakaa. Juu ya sketi. Ikakaa. Alichukua shati la kijivu akifanya haraka, akitafuta palipo na ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Fulana ya mistari nayo, mjanja yule, ilikuwa na rangi mbili zilezile, haikuwa na wa kugombana naye. Blauzi ya bluu juu ya kijivu ilipendeza hata akaudhika.

"Za juu nne, za chini tatu," mkwe alisema, akimgeukia mumewe. "Mwalimu. Nne mara tatu."

Mwalimu wa hesabu alitazama sakafu. "Kumi na mbili."

"Kila moja na koti, au bila koti."

"Ishirini na nne."

"Wanafunzi wako darasa la ngapi wanaijua hiyo?"

Mwalimu alikisukuma kitambulisho ndani zaidi mfukoni.

Mkwe hakumwachia hapo. Alichukua picha ya kwanza, akaweka suruali ya bluu, blauzi ya maziwa na koti mbele yake. Ya pili: suruali ileile, shati la kijivu. Ya tatu: blauzi ya maziwa ileile, sasa juu ya suruali ya kijivu, skafu shingoni. "Mama ameona blauzi mbili hapa," alisema. "Ni moja. Imefuliwa usiku kwenye sinki ya hoteli. Unaikamua, unaiviringisha ndani ya taulo kavu, unaikanyaga taulo mpaka inyonye maji yote, unatundika. Kitambaa hiki kimechanganywa nailoni. Asubuhi kimekauka na hakitaki pasi."

"Na za ndani?" Bi Cherehani aliuliza kwa ukali, maana alikuwa anazama na alishika alichokiona.

"Tatu, mama. Moja mwilini, moja imeanikwa, moja inasubiri zamu."

Mwalimu alipata kitu cha kutazama darini.

Picha ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane. Kila moja ilirudi kitandani kwenye nguo zake kama mbuzi wanaojua zizi. Bi Cherehani hakuwa na aibu bado. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyeona haki yake inachukuliwa mchana kweupe. Lakini ilikuwa imebaki ya tisa, na ya tisa aliiweka mwisho kwa makusudi.

Aliisukuma mezani kwa kidole. "Hiyo je? Hiyo si juu wala chini. Hilo ni gauni. Gauni zima la bluu, limeshonwa la moja kwa moja mpaka kwenye kifundo cha mguu. Liko wapi hapo kitandani? Nionyeshe gauni nife leo."

Mwalimu aliinua kichwa, na Bi Cherehani aliliona tumaini baya usoni mwake. Maskini, mwanawe alitaka liwe kweli, kwa sababu lisipokuwa kweli yeye ni nani?

Mkwe alichukua blauzi ya bluu, sketi ya bluu na skafu. Aliingia nyuma ya mlango wa kabati uliokuwa wazi. Walisikia zipu. Alipotoka, alikuwa amevaa gauni.

Lilikuwa gauni kabisa. Refu, la bluu, limemkaa kama lililokatwa juu ya mwili wake, na kiunoni skafu ya machungwa imefungwa mara mbili na fundo pembeni. Alitembea hadi mbele ya stuli akasimama.

"Fungua skafu, mama."

"Sitaki."

"Fungua. Fundi akague."

Vidole vya Bi Cherehani vilifungua fundo. Chini ya skafu, palepale ambapo alipaswa kupaona miezi iliyopita kama angetazama kwa jicho la kazi na si la shari, blauzi iliishia na sketi ilianzia. Nguo mbili. Alishika pindo la blauzi akalisugua, kisha la sketi. Uzi mmoja, uzito mmoja, rangi iliyotoka pipa moja.

"Kitambaa kimoja," alisema, bila kupenda.

"Kimoja. Bluu mbili za maduka mawili zingeonekana toka mlangoni. Nilinunua mita nne, nikampa fundi ashone nguo mbili badala ya moja. Nilitaka kukuletea wewe unishonee. Nikaogopa."

Bi Cherehani alirudisha skafu pale pale, akaifunga, na mikono yake ikawa haina kazi. Miaka thelathini na minane. Ameshona mishono ya kiuno zaidi ya nywele za kichwa chake, na ameshindwa kuuona mmoja kwenye picha kwa sababu alikuwa anatafuta mwanamume. Aibu ilimshika sasa, ilimshika barabara, na kwa kuwa hakuwa mzoefu wa aibu hakujua pa kuiweka.

Mwalimu, yeye, aliachia pumzi. Akacheka! Alicheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akatoa kitambulisho mfukoni, akakifuta kwenye shati. "Umeona, mama? Nilikwambia. Haya, mke wangu, yameisha. Fungasha, usichelewe. Yameisha kabisa."

"Yameisha," mkwe alisema. Alipokea kitambulisho bila kumgusa vidole.

Alivua gauni nyuma ya mlango, akavaa suruali ya bluu, fulana ya mistari, koti na viatu vizito vya kamba, maana kizito unakivaa, hukibebi. Kisha akafungasha. Bi Cherehani alitakiwa aondoke lakini hakuondoka. Alitazama suruali ya kijivu ikikunjwa kwa urefu na kuviringishwa kutoka kiunoni, ikikazwa isiache hewa. Sketi vivyo hivyo. Blauzi mbili na shati zikaviringishwa pamoja, ya maziwa ndani kabisa isichafuke. Viatu vyepesi vikaingia chini, pembeni, soksi zimejazwa ndani yake. Gauni la kulalia, mswaki, sabuni ya kipande, skafu juu. Kazi safi. Kama angekuwa mwanafunzi wake dukani angempa cherehani ya mbele.

Kibegi kilibaki na nafasi. Mkwe aliitazama nafasi ile. Akavuta droo ya chini ya kabati, akatoa bahasha bapa ya kaki, akailaza mgongoni mwa begi na kufunga zipu. Bi Cherehani alisoma maandishi ya bahasha kwa sababu macho yake, tofauti na magoti, hayakuwa na tatizo. Yalisema: Vyeti.

Nje, gari lilipiga honi.

Mkwe alimpa mama mkwe mkono, akampigia goti kidogo kama kawaida. "Baki salama, mama." Alimpita mumewe mlangoni. "Kwaheri."

"Jumapili nitakuja kukupokea uwanjani!" mwalimu aliuambia mgongo wake. "Nitumie picha!"

Hakugeuka.

Bi Cherehani alisikia mlango wa gari. Alinyanyuka kwenye stuli kwa pupa, magoti yakalia, akamkamata mwanawe mkono. "Mkimbilie. Mwombe radhi. Piga magoti barabarani, sijali nani anaona. Mwambie mimi ndiye mwovu, mwambie mama yangu ni mchawi, mwambie chochote. Mkimbilie!"

"Mama, tulia. Amekasirika tu, na ana haki. Wiki moja itampoza."

"Haendi wiki moja."

Mwalimu alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama mwanafunzi mgumu. Alikuwa na amani tele usoni, amani ya mtu aliyeonyeshwa ukweli kwa mahesabu. Alionyesha kabati: magauni, suti, viatu, mikoba, vyote vimejaa mpaka mlango haufungi.

"Mama, si umeona mwenyewe alichobeba? Angekuwa anahama angechukua nguo."

Gari lilikuwa limeshafika kona. Bi Cherehani alitazama shuka jeupe ambalo bado lilikuwa na alama za nguo nane.

"Amechukua," alisema. "Amechukua zote anazohitaji."